Tumelipia mwaka mzima hifadhi "bila kikomo", katikati ya mwaka tumewekewa kikomo. Kifungu gani kinawaruhusu?

Karani_Chikongola – 9 Julai, saa 2:40 usiku

Habari za usiku wakuu. Nipo Mtwara mjini. Ofisi yetu inakagua korosho kwa ajili ya wanunuzi: tunapiga picha za sampuli, za mizani, za stakabadhi za ghala, na kila kitu tunakitunza kwenye hifadhi ya mtandaoni pamoja na barua pepe za ofisi. Tupo watumiaji 14.

Mpango wetu tuliununua 2017 na ulikuwa na hifadhi isiyo na kikomo. Baadaye kampuni ikaacha kuuza mpango huo kwa wateja wapya, lakini sisi tuliokuwemo tukaachwa humo humo kwa bei ile ile. Kwenye ukurasa wa msimamizi panasomeka `Plan: Business (legacy)`. Tunalipa kwa mwaka, 15,000 kwa kila mtumiaji kwa mwezi, yaani 2,520,000 kwa mkupuo. Mwaka huu tumelipa tarehe 1 Machi, muda unaisha 28 Februari.

Tarehe 6 mwezi huu ndipo nimegundua kuna taarifa ya tarehe 18 Juni. Ilitumwa kwenye sanduku la karani aliyekuwepo kabla yangu, ambaye alishahamia Dar. Wanasema kuanzia 1 Agosti ofisi nzima itakuwa na TB 1 tu. Sisi tumeshatumia TB 3.1. Atakayezidi hataweza kupandisha faili jipya, na baada ya siku 90 wanaweza kuanza kufuta. Hesabu siku 90 kutoka 1 Agosti, unaangukia mwisho wa Oktoba, minada ikiwa imeshaanza.

Swali langu: tumeshalipa hadi Februari. Wana haki ya kutubadilishia katikati? Bosi anataka jibu Ijumaa.

---

Simba_wa_Masasi – saa 3:05 usiku

Dada, hawana haki hata kidogo. Mkataba ni mkataba. Umelipia mwaka, wakupe ulichonunua mpaka mwaka uishe. TCRA walishatoa kanuni 2021 kwamba kifurushi hakibadilishwi hovyo. Wapigie, watajie TCRA tu, watarudi nyuma. Na Marekani kuna kampuni ya AT&T ilitozwa mamilioni ya dola kwa sababu iliondoa "bila kikomo" kwa wateja wake wa zamani.

---

Nachingwea_Kwetu – saa 3:22 usiku

Hata mimi yamenikuta. Nilikuwa na kifurushi cha usiku kwenye laini yangu, nimekizoea miaka miwili. Juzi napiga menyu nakuta GB zimepungua na bei ni ile ile. Hakuna taarifa wala nini. Tufanyeje jamani?

---

MzeeWaLigula – saa 4:10 usiku

Nawasalimu. Nimefanya kazi ya ununuzi na mikataba miaka mingi kabla ya kustaafu, na aina hii ya ugomvi nimeushika mkononi mara kadhaa. Nianze na wawili waliotangulia, kwa sababu majibu yao yatampoteza huyu binti.

Nachingwea, pole, lakini shauri lako ni lingine. Kifurushi cha siku au cha mwezi kikiisha mkataba wake umeisha. Ukinunua tena umenunua kitu kipya kwa masharti ya siku hiyo. Hukubadilishiwa katikati, ulibadilishiwa kati ya kimoja na kingine. Mwenzako amelipia miezi 12 na amefika mwezi wa tano. Hapo ndipo neno "katikati" linapokuwa na uzito.

Simba, zile kanuni za 2021 zilihusu vifurushi vya simu vya kampuni zenye leseni ya mawasiliano. Hifadhi ya faili za ofisi sidhani kama utaibana kwa kanuni hizo. Na "mkataba ni mkataba" ni kweli nusu. Karibu kila mkataba wa huduma za namna hii una kifungu kinachomruhusu mtoa huduma kubadilisha mambo. Ukiweka saini umekikubali na hicho. Kwa hiyo usiulize kama wanaruhusiwa kubadilisha. Uliza wanaruhusiwa kubadilisha nini, lini, na wewe umeachiwa njia gani ya kukataa.

Kuhusu AT&T, hawakuufuta mpango. Waliuacha jina lake na bei yake, ila kuanzia 2011 mteja wa zamani akivuka kiwango fulani kwa mwezi, wengine GB 2 tu, kasi yake inashushwa sana. Tume ya Biashara ya Marekani ikawashtaki 2014, na 2019 wakakubali kulipa dola milioni 60. Kosa walilodaiwa ni kutowaeleza wateja ipasavyo kwamba "bila kikomo" ina breki ndani yake. Kwako wewe binti wamekueleza, tena kwa barua. Usijenge hoja yako hapo.

Sasa niletee vitu vitatu: fomu ya oda mliyosaini 2017, masharti ya jumla, na ukurasa wa maelezo ya huduma. Angalia pia kama kuna sentensi inayosema hati zikipingana ipi inashinda. Halafu jambo moja la usiku huu huu: ukiingia kwenye ukurasa wa msimamizi ukakuta kitufe cha `Accept changes`, usikibonyeze, na waambie wenzako wote wenye nywila wasikibonyeze.

---

BintiKilwa – 10 Julai, saa 1:15 asubuhi

Naongezea la kubonyeza. Tuna nyumba ya wageni Kilwa Masoko, na sisi tulikuwa kwenye mpango wa zamani wa namna hiyo. Hatukuletewa taarifa yoyote ya mabadiliko. Tulichofanya ni kuongeza mtumiaji mmoja wa mapokezi. Mfumo ukasema mpango huu hauuzwi tena, chagua mpango mpya. Tukachagua tukidhani ni kwa huyo mmoja. Akaunti nzima ikahamia mpya na kurudi haikuwezekana. Ilikuwa imeandikwa kwenye masharti: mpango wa zamani unadumu "mradi mteja habadilishi usajili wake". Dada soma hapo kabla hujaongeza wala kupunguza mtu.

---

Karani_Chikongola – saa 6:30 mchana

Asanteni sana. Shikamoo Mzee. Nimeacha kazi zote asubuhi hii. Masharti yapo kwa Kiingereza, natafsiri kadiri ninavyoelewa.

Fomu ya oda ya 2017, ukurasa mmoja: "Hifadhi: bila kikomo. Muda: miezi 12, unahuishwa wenyewe."

Masharti ya jumla, kifungu 2.3: mtoa huduma anaweza kuboresha au kubadilisha huduma mara kwa mara, ila mabadiliko yasipunguze kwa kiasi kikubwa utendaji wa huduma ndani ya kipindi kilicholipiwa.

Kifungu 14.1: anaweza kurekebisha masharti au kurasa zilizounganishwa na masharti kwa taarifa ya siku 30. Kama badiliko linamuumiza mteja kwa kiasi kikubwa, mteja anaweza kutoa taarifa ya kupinga ndani ya siku 30 tangu taarifa ilipotumwa. Akifanya hivyo ataendelea na masharti ya awali mpaka mwisho wa kipindi alichonacho. Asipopinga na akaendelea kutumia huduma, amekubali.

Ukurasa wa maelezo ya huduma: "viwango vya hifadhi ni kama vinavyochapishwa hapa na vinaweza kurekebishwa". Na sera ya matumizi ya haki: wanaweza kuweka mipaka kuzuia matumizi yasiyo ya kawaida.

Zikipingana: fomu ya oda kwanza, masharti ya jumla pili, kurasa na sera mwisho.

Nimetafuta fomu za oda za miaka iliyofuata, hazipo. Kila Machi inakuja ankara tu imeandikwa `Business (legacy) x 14`.

---

MzeeWaLigula – saa 8:05 mchana

Marahaba mwanangu. Una karata nzuri kuliko wengi ninaowaona, ila moja inaoza kwa tarehe.

Anza na hiyo inayooza. 14.1 inakupa siku 30 tangu taarifa ilipotumwa. Haisemi ilipofunguliwa. Kwamba ilitua kwenye sanduku la mtu aliyehama haitakusaidia, kwa sababu kumweka msimamizi sahihi kwenye akaunti ni kazi yenu. Tangu 18 Juni, siku ya 30 ni 18 Julai. Leo ni tarehe 10. Usingoje tarehe 18, peleka wiki hii. Ukipitisha siku hiyo, hoja zote zinazofuata zinapungua nguvu, maana watasema mliendelea kutumia na kwa hiyo mlikubali.

Pili, angalia wamejificha wapi. Hawakugusa masharti ya jumla. Wamegusa ukurasa wa maelezo ya huduma, ule unaosema "vinaweza kurekebishwa". Ndiyo njia wanayoipenda, kwa sababu ukurasa ni wao na wanauhariri muda wowote. Lakini kwa mpangilio wenu wa hati, ukurasa huo ndio wa mwisho. Juu yake kuna 2.3 inayokataza kupunguza huduma sana ndani ya kipindi kilicholipiwa. Kutoka bila kikomo kwenda TB 1, kwa mtu mwenye TB 3.1 ndani, ni kupunguza hata ukipima vipi. Na juu kabisa ipo fomu ya oda yenye neno lenyewe.

Tatu, penye udhaifu. Watauliza: fomu ya 2017 ilikuwa ya miezi 12 ya 2017. Kila Machi mnahuisha. Je, mnachohuisha ni fomu ile ile, au kila ankara ni oda mpya inayofuata ukurasa wa huduma wa siku hiyo? Neno "unahuishwa wenyewe" linakusaidia, kwa sababu kinachojihuisha ni kile kile kilichokuwepo. Lakini nimeona watu wenye akili zao wakilitafsiri vinginevyo. Kwa hiyo kwenye barua yako tanguliza 14.1 na 2.3, fomu ya oda iwe nyuma yake.

---

FundiMtandao_Lindi – saa 9:20 alasiri

Mimi niseme kutoka upande wa pili. Nauza hifadhi na barua pepe kwa maduka na shule hapa Lindi, kama wakala wa kampuni kubwa ya nje. Kampuni ya juu ikibadilisha viwango, napewa siku 30 kama nyie, na gharama ya kuwabeba wateja wa zamani inabaki kwangu. Dada, angalia kwanza jina lililo kwenye ankara ni la nani. Kama ni wakala, barua yako ya kupinga iende kwa yule uliyesaini naye. Kupinga kwa kampuni ya juu hakutahesabika.

Na kwa haki, TB 3.1 kwa watu 14 ni kama GB 220 kwa kila mmoja. Kwa ofisi ya barua na majedwali hiyo ni nyingi. Wanaweza kukutupia sera ya matumizi ya haki.

---

MzeeWaLigula – saa 10:00 alasiri

Fundi, hoja ya wakala ni ya msingi, asante. Ya matumizi ya haki sikubaliani nayo. Kifungu cha namna hiyo kinamhusu mteja mmoja mwenye matumizi ya ajabu, naye huandikiwa yeye. Hawa wamemwekea kila mteja TB 1 siku moja. Hilo ni badiliko la mpango, na wenyewe wameliita hivyo kwenye taarifa yao.

---

FundiMtandao_Lindi – saa 10:12 alasiri

Mzee, sera haisemi lazima awe mmoja. Inasema "matumizi yasiyo ya kawaida", na nani anapima kawaida? Ni wao. Mimi nisingeilalia hiyo.

---

Simba_wa_Masasi – saa 10:30 alasiri

Basi kama ni hivyo si avunje tu mkataba arudishiwe hela zake ahamie kwingine? Miezi saba iliyobaki, Agosti mpaka Februari, kwa 210,000 ni 1,470,000. Si haba.

---

Karani_Chikongola – saa 12:45 jioni

Kaka Simba, nimelipigia hesabu hilo. Kwanza masharti yetu yanatoa haki ya kupinga, hayajataja kurudishiwa pesa popote. Pili, TB 3.1 kuzishusha kwa laini yetu ya Mbps 20 ni siku 14 na zaidi bila kukatika hata dakika, usiku na mchana, huku ofisi nzima haina intaneti ya kufanyia kazi. Halafu nizipandishe tena kwingine, na kupandisha kwetu ni taratibu zaidi. Ndiyo maana nataka kubaki angalau mpaka Februari. Nikipewa muda huo nitahamisha kidogo kidogo baada ya msimu.

Jina kwenye ankara nimeliangalia, ni la kampuni yenyewe, si wakala.

Mzee, barua niiandikeje? Na niitume wapi? Taarifa yao imetoka kwenye anwani inayoanzia na `noreply@`.

---

MzeeWaLigula – saa 2:15 usiku

Hesabu yako ya siku 14 ni nzuri, iweke ndani ya barua. 14.1 inataka badiliko liwe "linaumiza kwa kiasi kikubwa", na wengi wanaandika tu kwamba wameumizwa bila kuonyesha kidonda. Wewe unacho.

Usijibu `noreply@`, na usiandike kwenye dirisha la gumzo la huduma kwa wateja. Tafuta kwenye masharti kifungu chenye kichwa cha taarifa, mara nyingi kipo karibu na mwisho. Kitataja anwani ya barua pepe ya idara yao ya sheria. Hiyo ndiyo inayohesabika. Itume kutoka kwenye akaunti ya msimamizi aliyesajiliwa, siyo kutoka barua pepe yako binafsi.

Iandike fupi. Mstari wa kwanza useme hii ni taarifa ya kupinga chini ya kifungu 14.1, na utaje tarehe ya taarifa yao. Kisha: tumelipia hadi 28 Februari, tuna TB 3.1, badiliko linazuia kupandisha faili kuanzia 1 Agosti na kuhatarisha faili zilizopo wakati wa msimu, na kushusha faili peke yake kunachukua siku 14 na zaidi. Kisha unukuu 2.3 neno kwa neno, kwa Kiingereza chao. Kisha ombi moja lililo wazi: mthibitishe kwa maandishi kwamba viwango vya awali vinabaki mpaka 28 Februari na hakuna faili litakalozuiwa wala kufutwa kabla ya hapo. Usitishie mahakama. Unachodai kimeshaandikwa kwenye karatasi yao.

Kabla ya kutuma, piga picha ya skrini ya ripoti ya hifadhi inayoonyesha TB 3.1 na tarehe. Hifadhi pia ukurasa wa maelezo ya huduma kama PDF, na uweke anwani yake kwenye `web.archive.org` uone kama toleo la Machi lilihifadhiwa. Hilo la Machi ndilo la siku mliyolipa.

---

BintiKilwa – saa 2:40 usiku

Unaweza pia kuwaambia si jambo geni. Dropbox walipoondoa hifadhi isiyo na kikomo kwenye mpango wao wa Advanced mwaka 2023, wateja wa zamani waliokuwa chini ya TB 35 kwa leseni waliruhusiwa kubaki na kiasi walichokuwa wanatumia, na nyongeza ya TB 5, kwa miaka mitano. Si sheria, lakini inaonyesha kampuni ikitaka inaweza.

---

Karani_Chikongola – 24 Julai, saa 11:50 jioni

Wakuu, narudi na majibu. Barua niliituma tarehe 12. Toleo la Machi la ukurasa wao nililipata, lilikuwa bado limeandikwa bila kikomo kwa mpango wetu. Nimebadilisha pia barua pepe ya msimamizi, sasa ni ya ofisi na inafunguliwa na watu wawili.

Tarehe 19 walijibu kwa mistari miwili kwamba badiliko "linatumika kwa wateja wote". Nikawatumia tena ile ile, nikanukuu 14.1. Jana imekuja nyingine, ya mtu mwingine: wamekubali viwango vya awali vibaki hadi 28 Februari kwa watumiaji 14 waliopo. Hakuna kuzuiwa, hakuna kufutwa. Bosi ameichapisha akaiweka kwenye faili la mikataba.

Kuhusu fomu ya oda ya 2017 hawakugusa kabisa, wala kusema ndiyo wala hapana. Na wameongeza sentensi ambayo BintiKilwa alinionya: nikiongeza mtumiaji yeyote, akaunti nzima inahamia mpango mpya siku hiyo hiyo. Sisi Oktoba tunachukua makarani wawili wa msimu. Nafikiria kuwanunulia akaunti ndogo tofauti, ya mpango mpya, halafu tuwape ruhusa ya kuona mafolda yetu tu.

---

FundiMtandao_Lindi – saa 12:20 jioni

Hongera sana dada. Kwa hao wawili, angalia kama masharti yanakataza kampuni moja kuwa na akaunti mbili ili kukwepa viwango. Kwa mteja wangu mmoja kilikuwepo, na waliziunganisha zote mbili kwenye mpango mpya.

---

MzeeWaLigula – saa 1:05 usiku

Kazi nzuri mwanangu. Wao wa msimu wakipandisha faili, linahesabiwa kwenye akaunti ya nani, ya aliyelipandisha au ya mwenye folda? Hilo linatofautiana huduma kwa huduma. Lijaribu Agosti na faili moja kubwa uangalie namba inasogea upande gani, kabla hujanunua chochote.

---

Karani_Chikongola – saa 1:30 usiku

Nimeona kifungu cha 5 kinataja "akaunti zinazohusiana" lakini hakielezi ni zipi. Kesho nitawaandikia kwa ile ile anwani ya idara ya sheria, niwaulize kabla ya kufanya lolote. Jibu likija nitaliweka hapa hapa.